Skripti ya video ya sekunde 90 ya duka la fundi nguo: gauni moja, toka halijakaa mpaka limekaa

Video nyingi za mafundi nguo zinafanana, kamera inapita taratibu kwenye nguo zilizotundikwa, mziki juu, maandishi yanatokea kwamba tunashona aina zote, alafu namba ya simu, basi. Mtu akimaliza kuangalia bado hajajua kitu kimoja alichotaka kujua, kwamba huyu fundi nikimpa nguo yangu ataniharibia au hataniharibia, na je siku aliyosema nikifika nitaikuta au nitaanza kupigwa kalenda. Hizo ndo hofu mbili za mteja wa fundi na video ya sekunde 90 ina nafasi ya kuzijibu zote mbili, ila kwa sharti moja, ufuate nguo moja tu toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiweka suti, gauni, sare na mapazia humo humo, kila kimoja kinapata sekunde chache na hakuna hata kimoja kinachoeleweka.

Kwahiyo hapa naenda na mfano mmoja kamili, gauni la dada mmoja linalopwaya kiunoni na ni refu, analileta kupunguzwa. Nimechagua marekebisho badala ya kushona upya kwa sababu tofauti inaonekana kwa macho ya mtu yeyote, na pia kazi yenyewe inaweza kuisha ndani ya siku moja au mbili, huhitaji kumfukuzia mteja wiki nzima ili umrekodi.

Hatua ya kwanza: chagua gauni linalokubali kamera

Hapa usiharakishe. Gauni la rangi moja, rangi ya kati, kijani au bluu au maruni iliyochangamka. Jeusi linameza kila kitu, mshono hauonekani, pini hazionekani, mkunjo hauonekani, unabaki na kivuli kinachotembea. Jeupe nalo karibu na dirisha linaungua, yaani linakuwa doa la mwanga tu. Mistari myembamba iliyobanana ndo mibaya zaidi maana kwenye simu inaanza kuchezacheza yenyewe kama maji, na hiyo huwezi kuitoa ukiwa unaediti.

Angalia na zipu iko wapi. Kama iko mgongoni vizuri, fundi anabana ubavuni kulia na kushoto na zipu haiguswi. Zipu ikiwa ubavuni itabidi itolewe kwanza irudishwe, kazi inakuwa ndefu na kwenye video inakuwa ngumu kueleweka. Na mabega ya gauni yawe yanamkaa mwenyewe tayari, kwa sababu kurekebisha mabega ni karibu kulishona gauni upya, na kwenye skripti yetu fundi anasema wazi kwamba mabega hayagusi. Mstari huo mmoja unamwambia mtazamaji kwamba huyu mtu anaangalia kabla ya kukata.

Mteja awe mteja wa kweli mwenye gauni la kweli, na akubali kabisa kuonekana, umuulize kabla na umwonyeshe video kabla hujaiweka popote. Usije ukachukua gauni linalomkaa mtu vizuri ukalivuta likae vibaya ili upate picha ya "kabla". Watu wanaoshona wataona mara moja, na hao ndo wa kwanza kuandika chini ya video.

Hatua ya pili: hesabu maneno kabla hujaandika

Mtu anayeongea kwa utulivu kwa Kiswahili anatoa kama maneno mawili kwa sekunde, maana maneno yetu ni marefu, "utakavyovalia" ni neno moja lakini lina pumzi yake. Kwahiyo sekunde 90 zikijazwa maneno mwanzo mwisho ni kama 180, na ukifanya hivo imekuwa tangazo la redio, hakuna anayepata nafasi ya kuangalia mikono ya fundi. Skripti niliyoiweka hapa chini ina maneno kama 80 tu. Zilizobaki ni cherehani, pasi, na kimya kidogo. Ukitaka kuongeza yako ongeza, ila ukivuka 120 utaanza kusikia fundi anakimbia.

Jambo lingine, fundi anaongea na mteja wake, haongei na kamera. Ni kwenye sini ya mwisho tu ndo anaangalia kamera. Mafundi wengi ukiwawekea simu usoni na kuwaambia "jitambulishe" wanakakamaa, sauti inabadilika, mikono haijui iende wapi, lakini huyohuyo ukimwacha amuhudumie mteja anaongea vizuri tu kama kila siku. Usimpe karatasi akariri. Mwambie maana ya mstari, aseme kwa maneno yake, kama yametoka mafupi kuliko niliyoandika ni bora zaidi.

Hatua ya tatu: skripti yenyewe

Video iwe ya kusimama wima, kwa sababu mtu aliyesimama kavaa gauni anajaa kwenye fremu ya wima bila kuacha ukuta pembeni. Kwenye simu weka 1080 × 1920, fremu 30 kwa sekunde, inatosha.

SINI 1 (sekunde 0 mpaka 5)
Shoti: karibu sana, mgongoni kwa mteja. Mkono wa fundi unashika kitambaa kilichozidi kiunoni na kukikusanya, tunaona kabisa kilivyo kingi. Uso hatuuoni bado.
Mteja: "Fundi, hili gauni nalipenda, ila halinikai."

Hakuna nembo, hakuna jina la duka, hakuna salamu. Tatizo liko mkononi kwa fundi ndani ya sekunde ya kwanza.

SINI 2 (5 mpaka 13)
Shoti: pana, mteja mzima toka kichwani mpaka viatuni, kasimama kwenye alama sakafuni. Kamera imetulia kwenye tripodi. Anaanza kugeuka, akifika katikati ya mgeuko tunakata.
Fundi: "Geuka kidogo, dada, nione. Hapana, usiligawe, hili linarekebishika."

SINI 3 (13 mpaka 28)
Shoti: inaanza ya kati, fundi na mteja wote kwenye fremu, alafu karibu kwenye vidole vinavyochomeka pini ubavuni, alafu kati tena mteja akikaa kwenye kiti na pini zake.
Fundi: "Mabega yamekaa, hapo sigusi. Linapwaya kiunoni, na chini ni refu. Naweka pini ukiwa umesimama. Sasa kaa. Unapumua?"
Mteja: "Napumua."

SINI 4 (28 mpaka 38)
Shoti: juu ya bega la fundi, kalamu ikiandika kwenye daftari, alafu karibu kwenye mkono ukimpa mteja karatasi ndogo.
Fundi: "Naandika vipimo vyako, naandika na siku ya kuja kuchukua. Hii karatasi kaa nayo."

SINI 5 (38 mpaka 56)
Hakuna maneno kabisa. Klipu sita, kila moja sekunde tatu:
Karibu sana, mshono wa zamani unafumuliwa, uzi mmoja mmoja unakatika.
Kutoka juu, gauni limelazwa mezani ndani nje, chaki inapita kwenye rula toka pini hadi pini.
Karibu sana, sindano na mguu wa cherehani, kitambaa kinaingia.
Chini, usawa wa sakafu, mguu wa fundi kwenye pedali.
Kati, uso wa fundi, macho kwenye mshono.
Karibu, pasi inalaza mshono, mvuke unapanda.

SINI 6 (56 mpaka 64)
Shoti: karibu sana, fundi kaligeuza gauni ndani nje, kidole kinafungua ukingo wa kitambaa uliobaki baada ya mshono mpya.
Fundi: "Kitambaa cha ndani sijakikata. Ukiongezeka mwili, nalifungua tena."

SINI 7 (64 mpaka 78)
Shoti: pana, palepale pa sini ya 2, alama ileile. Mteja anamalizia ule mgeuko alioanza, sasa gauni limepunguzwa. Alafu kati, anainua mikono, anakaa, anasimama, anatembea kuelekea kioo.
Fundi: "Inua mikono. Kaa. Tembea."
Mteja: "Ee, sasa limenikaa!"

SINI 8 (78 mpaka 90)
Shoti: kati, fundi mlangoni, futi kamba shingoni, anaangalia kamera. Sekunde nne za mwisho ni pana, duka zima kwa nje na kibao chake kinasomeka.
Fundi: "Una nguo imelala kabatini kwa sababu haikukai? Ilete, uje na viatu utakavyovalia. Tupo ..., karibu na .... Namba ni hiyo hapo."
Maandishi: jina la duka, namba ya simu, siku na saa za kufungua.

Kwenye nafasi zilizoachwa wazi anaweka mtaa wake na kitu kinachojulikana hapo jirani. Kile cha viatu usikitoe, urefu wa gauni unapimwa na viatu vitakavyovaliwa nalo, mtu akija na kandambili akapimwa alafu siku yenyewe akavaa visigino, pindo linapanda na lawama zinaenda kwa fundi. Mteja akisikia hivo kwenye tangazo anaelewa huyu fundi anafikiria mbele.

Hatua ya nne: kwa nini sini ya 5 haina mkasi

Kila mtu akisikia video ya fundi anataka mkasi unaopasua kitambaa, ni shoti nzuri na sauti yake ni tamu, najua. Lakini angalia sini ya 6, fundi anasema kitambaa cha ndani hajakikata. Ukionyesha mkasi sekunde ya 45 na yeye sekunde ya 58 anasema hajakata, mtazamaji makini ameshakukamata. Hata mashine ya ovaloku usiiweke hapo, maana ina kisu kinachopunguza ukingo huku inashona, anayejua atauliza kama hukukata hicho kisu kilikuwa kinafanya nini. Kingo za ndani si zilishapigwa ovaloku toka gauni linashonwa, na kwa kuwa fundi anabana kwa ndani tu, zinabaki kama zilivyokuwa.

Pindo la chini nalo likunjwe bila kukatwa kama kitambaa ni chepesi. Kama ni kizito, ukikunja sana kinatuna na gauni linaning'inia vibaya, hapo itabidi kikatwe kweli. Ikiwa hivo badilisha mstari, fundi aseme "Ubavuni nimeacha kitambaa cha ndani, ukiongezeka mwili nalifungua." Maneno yafuate kilichofanyika mezani, na siyo mezani pafuate maneno. Mteja huyu anarudi nyumbani na gauni lake, akiligeuza ndani akute kile alichosikia.

Na sini hii ya 6 ndo moyo wa video yote kwa maoni yangu. Sekunde nane tu, ila ni kitu ambacho mteja wa kawaida hajawahi kuonyeshwa, kwamba kuna akiba imeachwa kwa ajili yake. Ukijikuta video imefika sekunde 97 na lazima upunguze, punguza sini ya 4 ibaki sekunde sita, toa klipu ya pedali, lakini hii usiiguse.

Hatua ya tano: mpangilio wa kurekodi

Siyo lazima urekodi sini zote kwa mpangilio wa skripti. Sini ya 1 mpaka 4 lazima ziwe za kwanza na ziwe kamili, kwa sababu gauni likishabanwa hakuna kurudi nyuma. Kabla fundi hajafumua uzi wa kwanza, simama, fungua klipu za sini ya 1 na ya 2, ziangalie zote mpaka mwisho ukiwa umekuza picha. Kama ziko na ukungu au kuna mtu kapita nyuma rudia sasa hivi.

Kwa ajili ya ule mgeuko, bandika vipande viwili vya tepu sakafuni, kimoja pa mteja kusimama, kingine pa tripodi, na pima urefu wa tripodi toka sakafuni uandike. Kaa mbali kama mita tatu na tumia zumu ya mara 2 kama simu ina lenzi yake, kwa sababu ukisogea karibu na lenzi ya kawaida mwili unapinda, kilichopo katikati kinaonekana kinene na miguu inakuwa mifupi, hapo unaweza kumfanya mteja aonekane tofauti kwa lenzi tu na siyo kwa kazi ya fundi. Viatu vilevile, nywele zilezile, na ageukie upande uleule. Mwambie ahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, akifika mbili awe kakupa ubavu. Hapo kwenye mbili ndo unakata, kwenye ya kabla na kwenye ya baada.

Mwanga unasumbua kidogo hapo maana kati ya kabla na baada kuna masaa. Ukirekodi kabla asubuhi na baada jioni, rangi ya gauni itakuwa imebadilika na watu watasema ni gauni jingine. Njia rahisi ni kurudi kesho yake saa ileile. Na kwenye simu bonyeza kwa kidole kwenye gauni ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifunge, kwenye aifoni utaona AE/AF LOCK juu ya skrini, kwenye nyingine unaona kialama cha kufuli. Usipofunga, mteja akigeuka tu simu inajirekebisha yenyewe na picha inapanda na kushuka mwanga.

Mteja akae na dirisha ubavuni. Dirisha likiwa nyuma yake anakuwa kivuli, likiwa mbele kabisa mshono unapotea kwa sababu hakuna kivuli kidogo cha kuuonyesha. Hii inasaidia zaidi kwenye sini ya 5, uzi wa fundi mzuri unafanana na kitambaa, kwahiyo ukiupiga kwa mwanga wa mbele hauonekani kabisa, mwanga ukitoka pembeni kila tundu la sindano linapata kakivuli kake na mshono unasomeka vizuri.

Taa za tyubu zizime. Ukiona mistari myeusi inapanda taratibu kwenye picha, ni taa hizo zinapepesa kufuatana na umeme. Kama duka ni giza na lazima ziwake, na simu inakuruhusu kuchagua shata, weka 1/50 sehemu zenye umeme wa hezi 50 au 1/60 sehemu za hezi 60. Simu isiyoruhusu, hamishia meza dirishani. Kataa na kile kishawishi cha kurekodi sindano kwa mwendo wa pole chini ya taa ya cherehani, mwendo wa pole unaonyesha kupepesa mara dufu, ifanye kwa mwanga wa dirisha tu.

Ukienda kurekodi sindano usiingize simu kabisa mpaka karibu iguse, ikikaribia sana haishiki fokasi, rudi nyuma kidogo alafu vuta mara 2. Na tripodi isimame chini sakafuni, siyo juu ya meza ya cherehani, meza inatetemeka na picha yote inatetemeka nayo.

Mambo mawili madogo ya aibu. Kioo cha fiting kinakuonyesha wewe na simu yako, na wakati mwingine kinaonyesha mtu anayebadilisha nguo nyuma ya pazia, kwahiyo piga kwa pembeni ya kioo na uangalie kona zote kabla ya kubonyeza. Na daftari la sini ya 4 limejaa majina, namba za simu na vipimo vya miili ya watu wengine, fungua ukurasa mpya mtupu, na vipimo vya huyu dada kamera isivisome, ionyeshe kalamu ikitembea na mahali pa tarehe tu. Mteja akiona mwili wa mwenzake umeandikwa mtandaoni hatakuja kupimwa hapo.

Hatua ya sita: sauti

Duka la nguo kwa sauti ni zuri kuliko watu wanavyodhani, vitambaa vilivyotundikwa vinakula mwangwi, ongelea katikati yake. Tatizo ni cherehani na feni. Simu inajiongezea na kujipunguzia sauti yenyewe, cherehani ikilia inashusha kila kitu, ikinyamaza inapandisha, na maneno ya fundi yanatoka yanazama na kuibuka. Kwahiyo wakati wa maneno mashine zote zimezimwa, feni imezimwa, hata ya jirani omba dakika tano.

Kama huna maiki ya kubana kwenye kola, chukua simu ya pili, iweke inarekodi sauti, itie mfuko wa shati wa fundi sehemu ya maiki ikiangalia juu. Simu zote mbili zikiwa zinarekodi piga kofi moja mbele ya kamera, baadaye unalinganisha lile kofi kwenye picha na kwenye sauti, vinakaa pamoja.

Sauti za kazi zirekodi peke yake baada ya picha kuisha. Cherehani ikianza taratibu, ikikimbia, ikisimama, kama sekunde 20 hivi. Uzi ukifumuliwa karibu kabisa na maiki. Pasi ikitoa mvuke. Hizi ndo zinabeba sini ya 5, na nakushauri mziki ushushwe kabisa hapo au utolewe, maana sekunde 18 bila maneno, mziki ukiwa juu zinakuwa kama za video nyingine yoyote, lakini ukisikia ule uzi unavyokatika tak, tak, unajikuta unaangalia. Mziki uuchukue kwenye maktaba ya bure ya programu yenyewe au wenye ruhusa ya biashara, ukiokota wimbo unaovuma video inaweza kunyamazishwa na akaunti ya biashara ndo inabanwa zaidi.

Hatua ya saba: kuediti na maandishi

Panga kwanza sauti za maneno kwenye muda wake, sini zote nane, alafu ndo uweke picha juu yake. Ukianza na picha utazipenda zote na utajikuta na dakika tatu.

Andika maneno yote yanayosemwa kwenye skrini, watu wengi wanaangalia simu bila sauti. Mistari miwili kwa wakati mmoja, isizidi, na maandishi yakae katikati kuelekea chini lakini siyo chini kabisa, kule chini na upande wa kulia programu zinaweka vitufe na jina la akaunti vinafunika. Kwenye sini ya 6 pandisha maandishi juu ili yasifunike kidole na ukingo wa kitambaa. Namba ya simu ikae kwenye skrini sini yote ya 8, sekunde 12, mtu apate muda wa kuishika au kupiga picha ya skrini.

Ikishakuwa tayari fanya majaribio haya. Iangalie bila sauti yote, ukifika mwisho uwe umeelewa gauni lilikuwa na shida gani na limerekebishwa vipi, kama hujaelewa tatizo liko sini ya 1, kitambaa kilichozidi hakionekani vya kutosha. Alafu ifungue kwenye simu ndogo ya bei rahisi nje mchana, uone kama namba inasomeka juani. Alafu mpe mtu asiyeshona aangalie mara moja na umuulize fundi aliacha nini ndani ya gauni. Kama hajui, rudia sini ya 6, pengine kidole kilipita haraka, kikae pale sekunde mbili nzima kabla hajaanza kusema.

Mwisho kabisa hifadhi mradi wenyewe na klipu zote, siyo video iliyokamilika tu, na sini ya 8 iweke kwenye faili lake peke yake. Fundi akihama duka au akibadilisha namba, unarekodi zile sekunde 12 tu upya mlangoni, unabandika, na zile 78 za mwanzo zinaendelea kufanya kazi.